Ruta Yako Inajua Saa Ngapi?

Nimepanga waifai ijizime saa tano usiku na iwake saa kumi na moja alfajiri. Usiku kucha iko hewani, asubuhi ndiyo inazima. Ruta ni mbovu? (Raskazone, Tanga)

Uliandika 5:00 na 11:00. Ruta haihesabu saa kama sisi. Kwake saa tano usiku ni 23:00 na saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Ikikataa muda unaovuka usiku wa manane, ugawe mara mbili: 23:00 hadi 23:59, kisha 00:00 hadi 05:00. Na soma vizuri ukurasa wenyewe, maana ruta nyingine zinataka saa za kuzima, nyingine saa za kuwasha.

Nikizima usiku nitaokoa bando? (Chumbageni)

La ruta, ndiyo. Ila waifai ikizima, simu zenye data zilizoachwa wazi zinahamia bando la simu bila kukuuliza, na picha zinaendelea kupakiwa huku umelala. Zima data kwanza, ndipo upange ratiba.

Jumamosi bando la ruta liliisha, kisha umeme ukakatika. Uliporudi alasiri waifai haikuonekana kabisa, nikabonyeza kile kitundu cha Reset. Sasa naogopa kurudisha ratiba ya 23:00 hadi 05:00. (Ngamiani)

Ratiba yako haikuwa na kosa. Kilichopotea ni saa. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya kutunza saa, kwa hiyo umeme ukikatika zinasahau hata mwaka. Zikiwaka zinauliza saa kwenye intaneti, kwa njia iitwayo NTP. Wewe bando lilikuwa limekwisha, hapakuwa na wa kuijibu.

Ruta nyingi zikikosa jibu huanza kuhesabu kutoka 1 Januari 1970, saa 00:00 UTC. Ongeza saa tatu za kwetu, unapata 03:00, yaani saa tisa usiku. Nje jua linawaka, ruta inaona usiku wa manane umepita na alfajiri bado. Ikatii amri yako, ikazima waifai. Ungeiacha kama saa mbili hivi, huenda ingewaka yenyewe. Si zote zinafanya hivi: kuna zinazoanzia tarehe nyingine, na kuna zinazokataa kufuata ratiba mpaka zipate saa ya kweli.

Siku nyingine tazama taa. Ya umeme ikiwaka na ya waifai imezima, chomeka kompyuta kwa waya, fungua anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta (mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1), uangalie ukurasa wa saa. Ukikuta 1970, weka saa kwa mkono. Eneo la saa chagua UTC+3. Dar es Salaam isipokuwepo, Nairobi ni saa ileile. Huna kompyuta? Ruta nyingi zina kitufe cha waifai pembeni.

Reset haizimi na kuwasha, inafuta. Ratiba, nywila, na kama umeunganishwa kwa jina na nywila za mtoa huduma, navyo vimekwenda. Wacheni kukichokonoa kitundu hicho kwa kijiti.

Niweke ijizime na kuwaka kila siku ili iwe na kasi? (Makorora)

Mara moja kwa wiki inatosha. Kuwaka upya kunasafisha kumbukumbu iliyojaa, hakuongezi kasi unayolipia. Ruta inayoganda kila siku inaumwa, na ratiba inakuficha ugonjwa tu. Iguse kwanza: nimeziona zimewekwa juu ya king'amuzi, zimefunikwa kitambaa cha kufuma, kwa joto hili la Tanga. Kama waifai inarudi 05:00, panga iwake upya Jumapili 04:00, ipate nafasi ya kuitafuta saa kabla watu hawajaihitaji. Ramadhani isogeze, maana saa hiyo nyumba iko macho kwa daku.

Nimeiwekea ruta mfumo wa OpenWrt na kuipangia kuwaka upya Jumapili. Inawaka, inazima tena, inawaka, inazima tena. (Pongwe)

Saa tena. OpenWrt isiyo na betri ya saa huanza na muda wa faili lililobadilishwa mwisho ndani ya `/etc`. Muda huo ukiwa wa nyuma, dakika ya amri yako inaweza kufika mara ya pili. Subirisha sekunde 70, uguse faili, ndipo iwake upya:

```
0 4 * * 0 sleep 70 && touch /etc/banner && reboot
```

Sifuri ya mwisho ni Jumapili.

Kamera ya getini inakufa kila usiku saa tano kamili. Nimeshabadilisha mbili. (Bombo)

Inatumia waifai, na waifai umeizima mwenyewe. Ivutie waya au futa ratiba, na hizo mbili za kwanza usizitupe.