Koti la jirani wa siti

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro, nimeolewa mwaka wa nne sasa. Huwa naandika hadithi fupifupi kwenye status ya WhatsApp. Juzi niliandika moja ya vipande vitano: dada anarudi nyumbani na basi la usiku kutoka Dar, jirani wa siti anamfunika koti. Ni ya kubuni tupu. Vipande viwili nilivirusha Ijumaa usiku, vitatu Jumamosi usiku. Wifi yangu akakipiga picha kipande cha tatu peke yake, akamrushia kaka yake. Mume wangu akaniuliza, "Ulikuwa unasafiri na nani?" Kweli mwezi uliopita nilirudi usiku kutoka Dar. Nikamwambia ni hadithi tu. Akanyamaza, halafu akasema niache kuandika. Nimekutumia vipande vyote uone kama kuna ubaya. Nifanyeje?*

*Mwalimu wa Kihonda*

Marahaba mwanangu. Nimevisoma vyote kwa mpangilio, kisha nikarudi kukisoma cha tatu peke yake, kama alivyokipata mumeo. Wasomaji wengine nao wakione:

> Chalinze, saa tano na nusu. Nimesinzia begani kwake. Nasikia koti lake likinifunika taratibu, lina harufu ya sabuni na moshi wa kuni. Sifungui macho. Sitaki aondoe mkono.

Na nyuma ya maandishi umeweka picha ya dirisha la basi uliyopiga mwenyewe siku ile ya safari. Mwanangu, hata mimi ningeuliza.

Tuanze na nyumbani. Mumeo alikuuliza swali la safari, wewe ukamjibu la fasihi. Ndiyo maana jibu lako halikumtuliza, ingawa ni la kweli. Yeye hakutaka kujua kama yule mwenye koti yupo au hayupo. Alitaka kujua usiku ule wewe ulirudije. Basi mjibu hilo kwanza, ana kwa ana na siyo kwa meseji: ulipanda saa ngapi pale Mbezi, nani alikaa pembeni yako, ulishuka Msamvu saa ngapi, nani alikuleta nyumbani. Mweleze mara moja, kwa sauti yako ya kawaida, bila viapo. Mtu anayeapa kabla hajaombwa kiapo huwa anazua maswali mapya. Ukimaliza, mpe simu asome vipande vyote vitano, cha kwanza hadi cha mwisho, nawe ukae kimya mpaka amalize. Usianze kumfafanulia kipande cha tatu kabla hajafika cha tano.

Kwa sababu cha tano, mwanangu, ndicho kinachokusafisha, na hapo ndipo nina ugomvi na wewe kama mwandishi. Huko mwisho ndiko tunakoambiwa kuwa jirani wa siti ni mzee wa umri wa babu yako. Alikuwa na tiketi ya kushukia Chalinze, lakini hakushuka kwa kuwa hakutaka kumwamsha binti. Sasa yuko Msamvu usiku wa manane anamuuliza konda basi la kurudi. Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Hicho ni kisa hasa! Mtu amepitiliza kituo chake kwa zaidi ya kilomita 80 kwa ajili ya usingizi wa mtoto asiyemjua. Lakini wewe umekizika chini ya kijimtego cha umri wa mtu. Umemficha uzee wake vipande vinne ili mwishoni tushtuke, na gharama yake ni kwamba njia nzima msomaji anafikiria mapenzi. Wifi yako hakusoma vibaya. Alisoma ulivyomtaka asome, ila yeye aliishia katikati.

Ukisema "mzee" kuanzia kipande cha kwanza, hupotezi chochote. Mshtuko wa kweli uko kwenye tiketi, na tiketi haimhitaji awe kijana.

Tatizo la pili ni hilo neno "mimi". Naelewa kwa nini umelitumia: hadithi fupi kama hizi zina nafasi ndogo, na "mimi" humsogeza msomaji haraka. Lakini angalia linavyokubana. Huyo "mimi" amelala. Aliyelala hawezi kumwona konda akipita Chalinze akiita abiria, wala hawezi kumwona mzee akiamua kubaki. Kwa hiyo tukio kubwa kuliko yote kwenye kisa chako halionekani kabisa, tunalisikia baadaye kwa kuhadithiwa. Ndiyo maana ikabidi umfanye macho kayafumba lakini yuko macho, na mtu aliyejifanya kulala begani kwa mwanamume ndiye aliyeleta kikao nyumbani kwako. Mwite "Neema", mwite "yule binti", halafu mwache alale fofofo. Sisi tutabaki macho na mzee.

Nimejaribu kukipanga upya kwa vitu vyako mwenyewe, koti na harufu yake vikiwemo. Usikinakili, kiangalie tu:

> Hadithi ya kubuni, 1/5. Mbezi, saa tatu usiku. Neema anapata siti ya dirishani. Pembeni yake anakaa mzee mwenye koti zito, lenye harufu ya sabuni na moshi wa kuni. "Unashukia wapi, mjukuu?" "Msamvu, babu." "Mbali huko. Lala."

> Hadithi ya kubuni, 2/5. Kibaha, Mlandizi. Taa za ndani zimezimwa. Pale mizani Vigwaza basi linasimama, kichwa cha Neema kinaanguka begani kwa mzee. Mzee anavua koti kwa mkono mmoja, polepole, kama anayevua samaki asiyetaka kumtisha.

> Hadithi ya kubuni, 3/5. "Chalinze! Wa Chalinze, Chalinze!" Konda anapita na tochi. Mzee ananyanyua mkono, anamtazama Neema, anaushusha. "Wewe mzee si wa Chalinze?" Mzee anaweka kidole mdomoni.

> Hadithi ya kubuni, 4/5. Mbele kidogo basi linasimama porini, watu wanashuka kuchimba dawa. Mzee habanduki. Bega limekufa ganzi. Anatoa simu ya vitufe, anapiga, ananong'ona: "Mama, usiningoje. Lala tu, funga mlango."

> Hadithi ya kubuni, 5/5. Msamvu. Neema anaamka, anarudisha koti, anasema asante babu, anakimbilia bodaboda. Hageuki. Mzee anavaa koti, anamfuata konda. "Kijana, la kurudi Chalinze linapita saa ngapi?"

Umeona nilichofanya kwenye cha tano? Kwako, binti anasikia mzee akiuliza basi, analia, anamkumbatia. Mimi nimemwondoa kabla hajajua. Anayejua ni msomaji peke yake, na kwenye hadithi ya vipande vitano huyo ndiye wa kumwachia mzigo. Kile kipande cha nne nacho nimekiongeza kwa kuwa kwako gharama ya kubaki haikuwepo. Mtu akipitiliza kituo usiku kuna anayemngoja mahali, na hapo simu ya sekunde chache inasema zaidi ya machozi.

Sasa jinsi ya kurusha. Status inakaa saa 24, halafu inafutika. Vile vya Ijumaa saa tatu usiku, Jumamosi saa tatu usiku havipo tena. Aliyefungua baadaye alianza na koti. Hakumwona binti akipanda basi, wala hakujua kuna kilichotangulia. Kwa hiyo hadithi ya status irushwe yote usiku mmoja, vipande vikifuatana ndani ya dakika chache, ili vyote viishi na kufa pamoja. Kama unataka watu wangoje hadi kesho, hamia mahali ambapo maandishi hayafutiki. Facebook inafaa. Kule X unaweza kufanya uzi, kila kipande ukikijibia chini ya kilichotangulia, na akaunti ya bure inakupa herufi 280 kwa kila kimoja, basi ujifunze kubana.

Lakini popote utakaporusha, kipande kimoja kinaweza kupigwa picha na kusafiri bila ndugu zake. Huwezi kulizuia hilo. Unachoweza ni kukipa kitambulisho chake: "Hadithi ya kubuni, 3/5" juu ya kila kimoja, siyo juu ya cha kwanza tu. Yule anayetumiwa picha atajua kuna viwili kabla na viwili baada. Na ile picha ya dirisha iondoe. Ukiweka picha halisi ya safari yako nyuma ya maneno ya kubuni, umeyatafutia shahidi. Weka rangi tupu, hata nyeusi, inafaa kwa basi la usiku.

Mambo halisi mengine yaache. Vigwaza, mizani, konda na tochi yake, kuchimba dawa, hivyo ndivyo vinavyomfanya msomaji akubali kupanda. Kinachopaswa kuwa mbali na maisha yako ni nafsi inayosimulia na tarehe. Umesafiri mwezi uliopita, ukaandika mwezi huu, kwa "mimi", njia ileile. Kisa kama hicho kikae kwenye daftari miezi michache kwanza.

Kuhusu kuacha kuandika, usikubali leo wala usibishe leo. Alisema akiwa amechomwa. Akishasoma vyote vitano, mwombe jambo moja dogo: hadithi ijayo aisome yeye kwanza kabla hujairusha, awe msomaji wako, siyo wa kukupa kibali. Sema hivyo wazi, maana tofauti yake ni kubwa. Kama atasoma na kusema "hapa sijaelewa", umepata mhariri bure ndani ya nyumba. Lakini kama baada ya kusoma na kusikia habari ya safari ataendelea kuhoji kila neno unaloandika na kila safari unayokwenda, basi tatizo halikuletwa na hadithi, na uniandikie tena kwa hilo.

Wifi yako usimrushie vijembe kwenye status, nakuomba. Wala usimfiche kwenye mipangilio ya WhatsApp asione unachoweka. Atagundua wiki hiyohiyo na itakuwa kesi ya pili. Mtumie vyote vitano, kwa mpangilio, uandike chini yake: "Wifi, kile ulichokiona kilikuwa cha katikati." Asipojibu, shauri yake.

Shangazi