Kiini cha Mkate wa Kumimina: Barua kwa Mwanangu

"Mama, shikamoo. Mkate wa kumimina unataka ute wa yai moja tu. Kiini nikifanye nini? Cha jana nimekitia kikombeni ndani ya friji, na leo kimefanya ngozi juu."

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku Wete wazima. Mguu wa baba yako umepungua kuvimba, na nazi zimepanda bei kama kila Ramadhani.

Hicho cha jana nitakifikia. Kwanza niambie, yai ulilivunja saa ngapi? Nakujua. Umesaga mchele na tui, umetia hamira na hiliki, ukavunja yai palepale ili kila kitu kiwe tayari. Basi ute ukakaa ukingoja rojo iumuke, na kiini kikakaa kikikauka. Ute hutiwa mwisho, mama. Rojo iwe imeshaumuka, sukari imeshaingia, sufuria imeshapakwa samli na makaa yamekolea. Hapo ndipo unavunja yai, unaupiga ute mpaka ufanye povu jeupe, unauchanganya taratibu, na unamimina. Na yai halivunjwi mpaka ujue kiini kinakwenda wapi. Nimekwambia haya tangu ulipokuwa ukichuchumaa pembeni mwa mbuzi ukingoja machicha, na nitaendelea kukwambia.

Mie mwenyewe nilijifunza vibaya. Hii hadithi ya mkate wa manjano mnaijua nusu, kwa sababu baba yenu huisimulia akicheka na mie huondoka. Leo nakuandikia yote.

Ilikuwa Ramadhani yangu ya kwanza katika nyumba ya bibi yenu. Nilikuwa na miezi minne tu ya ndoa, na wageni wa futari walikuwa wanakuja, watu wa Chake. Bibi yenu akaniachia mkate wa kumimina, vikombe viwili vya mchele, akanipa yai moja mkononi. Yai lenyewe la kuku wetu, dogo, lina kiini kizito kama rangi ya embe. Nikaupiga ute kwenye bakuli. Kisha nikakiangalia kile kiini kwenye ganda, na moyo ukanikataa kukitupa. Kwetu hatukulelewa kutupa chakula, na friji nyumba ile haikuwa nayo. Nikasema, kiini nacho ni yai, kitadhuru nini? Nikakimwaga ndani ya povu nikaendelea kupiga.

Povu likanywea mbele ya macho yangu. Sekunde chache tu, lililokuwa limesimama likawa maji ya manjano. Sikuelewa. Siku hizi naelewa: kiini kina mafuta, na mafuta hayaliachi povu la ute lishike hewa. Hata tone moja la kiini likiingia kwenye ute, au bakuli likiwa na alama ya samli ambayo hukuiosha vizuri, utapiga mpaka mkono ufe na povu halitajaa vizuri. Ndiyo maana nakukataza bakuli la plastiki kwa kazi hii. Plastiki hushika mafuta hata ukidhani umeiosha.

Nikamimina hivyohivyo. Mkate ulipotoka, juu haukuwa na vile vitundu, ulikuwa umefunga, wa manjano, na hiliki yote niliyotia haikuifunika harufu ya yai. Ukakatwa ukapangwa kwenye sahani mbele ya watu. Shangazi yake baba yenu akachukua kipande, akakigeuza huku na huku, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ukumbini: "Mkate huu una homa ya manjano." Wakacheka wote. Nilikuwa nimeshika birika la chai. Sikujua niliweke wapi.

Miaka yote hii nimekuwa nikisema kosa lilikuwa kiini. Sasa nikikaa peke yangu najiuliza kama ni kweli. Rangi, ndiyo, ni kiini. Harufu, ndiyo. Lakini uzito? Maandazi tunayatia yai zima na yanaumuka vizuri, maana hamira haizuiwi na kiini. Nadhani nilipoona povu limeanguka niliingiwa na hofu nikaikoroga rojo kwa nguvu, nikaitoa ile hewa iliyokuwa imejaa ndani baada ya saa nzima ya kuumuka. Tena niliacha makaa mengi chini kuliko ya juu, na mkate huu unataka moto mdogo chini na wa kutosha juu ya mfuniko. Kwa hiyo shangazi alikicheka kiini kwa kosa ambalo nusu yake lilikuwa la mkono wangu. Hakupaswa kulisema mbele ya wageni, hata hivyo. Yeye ameshatangulia mbele ya haki na mie nimeshamsamehe, kwa hiyo nisiseme zaidi. Ila mtoto wa watu ana miezi minne ndani ya nyumba!

Bibi yenu hakusema neno. Alikula vipande vitatu, akavichovya kwenye chai kimoja baada ya kingine. Kesho yake alasiri akaniita jikoni, akavunja yai lingine, ute akautia kwenye mkate kwa mkono wake, na kiini akakiacha ndani ya kikombe cha kahawa. "Hiki kimeshapata mwenyewe," akasema. Jiko la pili lilikuwa tayari na sufuria ya maziwa. Kiini kilikuwa kinakwenda kwenye kastadi.

Basi hiyo ndiyo kastadi nitakayokuandikia, kwa sababu kiini kimoja kinaitosha na futari inaitaka. Chukua vikombe viwili vya maziwa. Unga wa kastadi vijiko viwili vya kulia uvuruge na maziwa ya baridi kidogo mpaka usiwe na madonge. Maziwa yaliyobaki yaweke motoni na sukari vijiko vitatu. Yakianza kufanya vipovu pembeni, mimina ule unga huku unakoroga, mpaka yawe mazito. Sasa punguza moto. Kiini kipige kwenye bakuli, kisha kitilie kastadi ya moto kijiko kimoja kimoja huku unapiga, vijiko vitano hivi, ili kizoee joto. Ukikitumbukiza chenyewe kwenye sufuria kitaganda nyuzinyuzi kama yai la kukoroga. Kikishazoea, kirudishe chote sufuriani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mie nilikosea miaka mingi. Wanaogopa kuchemsha tena kwa sababu ya kiini, wanaipua haraka. Kastadi inaonekana nene na nzuri, inamiminwa kwenye bakuli, inalala. Ikifika asubuhi imekuwa uji. Unadhani unga ulikuwa mbaya, na dukani unagombana na muuzaji bure. Si unga. Kiini kibichi kina kimeng'enya kinachokula wanga, na unga wa kastadi ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi na vanila. Kama kiini hakikupata moto wa kutosha, hicho kimeng'enya kinafanya kazi yake usiku kucha. Dawa yake ni kuchemsha. Rudisha motoni, koroga bila kuacha mpaka itoe mapovu mazito ya polepole, iache hivyo dakika moja au mbili, ndipo uipue. Usiogope itakatika, maana wanga wenyewe unakilinda kiini kisigande. Ila siku utakayopika maziwa na kiini bila unga wowote, hapo usichemshe kamwe. Simama kijiko kinapovikwa utando na uipue.

Sasa hicho chako cha kikombeni. Kama kina siku moja na kimekaa kwenye baridi, hakijaharibika. Ngozi ni ukavu tu. Lakini kinuse kwanza, kwa sababu kiini kisichofunikwa hunyonya harufu ya friji, na wewe friji yako haikosi samaki. Kikiwa hakina harufu, ile ngozi itoe, haitayeyuka tena, itakuachia chembe ngumu ndani ya kastadi. Kinachobaki kichuje na chujio la chai.

Safari nyingine, kama lazima kilale, kiteleze kikombeni kikiwa kizima, kimiminie maji ya baridi juu mpaka kizame, funika, weka ndani ya friji. Maji yanakizuia kisikauke. Siku ya pili mwaga maji taratibu na utumie. Usikipitishe siku ya pili. Kikipasuka wakati wa kutenganisha, maji hayafai, kitachanganyika nayo, basi kipike siku hiyohiyo. Na umeme ukikatika muda mrefu friji ikapoteza ubaridi, kimwage. Sipendi kusema neno hilo, lakini yai bichi lililopata joto si la kulipigania.

Utaniuliza kuhusu barafu. Kiini kikiganda kitupu hugeuka kama jeli, na hata kikiyeyuka hakirudi, mpaka ukivuruge na sukari kidogo au chumvi kabla. Kwa kiini kimoja sioni haja. Ute ndio unaogandishwa vizuri. Ukija kupika vileja vya Idi utatumia viini na utabakiwa na ute. Umimine kwenye kile kitrei cha barafu, ute wa yai moja ni kama vijiko viwili vya kulia, na kila siku ya mkate unatoa wa yai moja, unauacha uyeyuke ndani ya friji, kisha unauacha nje kidogo upoteze ubaridi, ndipo unaupiga. Hapo huna hata haja ya kuvunja yai jipya, na kiini hakikusumbui. Nafikiri bibi yenu angeipenda sana hiyo. Au pengine angesema mkate wa ute wa barafu si mkate. Sijui, na kila nikiupika hivyo naona kama yuko nyuma yangu anaangalia.

Na kama kesho utaamua kukimwaga kiini ndani ya mkate kwa sababu umechoka na adhana imekaribia? Mkate utalika. Hautakuwa mweupe na hautakuwa na vitundu vile, lakini utalika. Sitaki kukwambia ufanye hivyo. Bibi yenu alikula vipande vitatu, na mpaka leo sijajua kama ni kwa sababu ya mapenzi au ulikuwa mtamu kweli.

Yai halivunjwi mpaka ujue kiini kinakwenda wapi. Pika hiyo kastadi leo, iache ilale, kisha nipigie asubuhi baada ya daku uniambie imeamkaje.

Mama yako,
Wete