Gemu linajifunga: kumpata mkosaji kwenye Event Viewer

> Gemu linajifunga lenyewe kila baada ya dakika kumi. Nimefungua Event Viewer, mistari kibao. Niangalie upi?

Ingia Windows Logs > Application, bofya Filter Current Log, andika 1000 penye Event IDs. Fungua tukio la saa ileile gemu lilipojifunga, hakikisha Faulting application name ni gemu lako, kisha soma mstari unaofuata. Tuseme umekuta:

```
Faulting module name: nvwgf2umx.dll
Exception code: 0xc0000005
```

Faili hiyo ni ya draiva ya NVIDIA, na kodi inasema kumbukumbu imeguswa pasipo ruhusa. Anza kwa kusakinisha draiva upya, ikibidi rudi toleo la nyuma. Ukikuta ntdll.dll usiifute, wala usipakue nyingine mtandaoni (ushauri huo umeshaharibu kompyuta nyingi). Ni ya Windows yenyewe. Mara nyingi kosa limeonekana hapo tu, chanzo kiko kwingine.

Linganisha matukio matatu manne. Moduli na Fault offset zikiwa zilezile, kuna uwezekano mkubwa tatizo ni la programu. Moduli ikibadilika kila mara, shuku RAM: zima XMP, mpangilio unaoongeza kasi ya RAM, kwenye BIOS ujaribu tena.