Mtamba anayezaa mara ya kwanza: nisubiri hadi lini?

"Mtamba wangu kiwele kimejaa, ananyanyua mkia, analala na kuinuka. Nimvute ndama au nisubiri?"

Ndugu, subiri kwanza. Papasa mishipa ya pande mbili za shina la mkia: ikiwa imelegea kama kamba iliyofunguliwa, mara nyingi atazaa ndani ya siku moja. Huko kuhangaika ni njia inafunguka, na kwa mtamba huweza kuchukua saa nyingi. Usiingize mkono.

Saa yako ianze kuhesabu mfuko wa maji unapotokea. Ng'ombe aliyewahi kuzaa mpe saa moja, mtamba mpaka mbili, ilimradi kila nusu saa uone hatua. Wangu alitoa mfuko saa mbili usiku. Saa tatu kasoro nikaona kwato mbili, nyayo zikitazama chini, na pua juu yake. Hapo nikakaa kwenye ndoo nikatulia. Saa tatu na nusu ndama alikuwa chini.

Nyayo zikitazama juu, huenda ni miguu ya nyuma. Ukiona mguu mmoja tu, au kichwa bila miguu, usisubiri saa iishe: mwite daktari wa mifugo. Na ukivuta, vuta anaposukuma tu. Jirani yangu alivuta kabla njia haijafunguka, akamchana ng'ombe vibaya.

Zalio hutoka lenyewe ndani ya saa 12. Likining'inia zaidi ya siku, mwite daktari, usilivute.