Umepanga namba, lakini k yako bado inaanza upya

*“Kaka, lile swali la kutafuta namba tatu ambazo jumla yake ni 0 linanitesa. Nimepanga namba kwa sort() kama tulivyoelekezwa, nikaweka na break kwenye lupu ya tatu jumla ikizidi 0, lakini namba zikifika 3000 programu inakatwa kwa kuzidisha muda. Mwenzangu naye kapanga, na yake inapita mara moja. Kwanza kupanga si kunaongeza kazi? Imekuwaje kwake n³ ikawa n²?” — Mwaka wa pili*

Mdogo wangu, mwenzako hakuishia kwenye kupanga. Wewe uliishia hapo. Hili nakutana nalo maabara karibu kila wiki: mtu anaweka mstari wa `a.sort()` juu ya lupu zake tatu, anaendesha programu, na muda ni uleule. Kupanga peke yake hakujawahi kupunguza hata hatua moja ya lupu zilizo chini yake. Kunachofanya ni kukupa taarifa. Usipoitumia, umelipia kitu ukakiacha dukani.

Hiyo break yako ni mwanzo wa kuitumia, ila imeishia njiani. Kwa namba 3000, utatu unaoweza kuundwa ni 4,495,501,000. Kama hasi na chanya zako zimechanganyika sawasawa, break inakuondolea karibu nusu. Unabaki na zaidi ya bilioni 2, na mbaya zaidi, ukuaji haujabadilika: namba zikiongezeka mara mbili, kazi inaongezeka mara 8 kama zamani.

Chukua karatasi tuifuate k yako, ile ya lupu ya tatu chini ya i na j, kwa namba nane, ambazo tayari zimepangwa:

`-9  -4  -1  1  2  3  5  7`

Tuseme i imekaa kwenye -4. Unahitaji mbili zenye jumla ya 4. j ikiwa kwenye -1, k yako inapita 1, 2, 3, inafika 5 na kupata jibu, inagusa 7, inakatwa. Sawa. Sasa j inasogea kwenye 1, na k yako inarudi nyuma kuanza kwenye 2, inapata jibu kwenye 3, inagusa 5, inakatwa. Hapo kwenye 5 ndipo nataka usimame. Kulikuwa na haja gani ya kuigusa tena? Ulishajua kwamba -1 na 5 zinatosha kabisa kufika 4. Namba yoyote iliyo kubwa kuliko -1 ikikaa na 5 lazima ipitilize. Jibu lilikuwa mkononi mwako, lupu yako ikalitupa na kwenda kuliuliza upya.

Ziangalie namba ambazo j ilizihitaji: -1 ilihitaji 5, 1 ikahitaji 3, na 2 ingehitaji 2. Kila j inapopanda, mwenza wake anashuka. Hawezi kupanda kamwe, kwa sababu jumla inayotakiwa ni ileile. Basi k haina sababu ya kuanza upya kwa kila j. Iweke mwisho wa safu, iache ishuke tu, na isirudi tena mpaka i ibadilike. Hapo ndipo lupu moja nzima inapotoweka.

Programu ya mwenzako itakuwa inafanana na hii, nikichukulia kwamba namba hazijirudii kama swali lenu lilivyosema:

```python
a.sort()
n = len(a)
for i in range(n - 2):
    l, r = i + 1, n - 1
    while l < r:
        s = a[i] + a[l] + a[r]
        if s < 0:
            l += 1
        elif s > 0:
            r -= 1
        else:
            print(a[i], a[l], a[r])
            l += 1
            r -= 1
```

Ona inavyofanya i ikiwa kwenye -9. Kidole cha kushoto, l, ambayo ndiyo j yako, kiko kwenye -4, na cha kulia, r, ambayo ndiyo k yako, kwenye 7. Jumla ni -6, ndogo mno. Sasa, 7 ndiyo kubwa kuliko zote. Kama -4 imeshindwa ikiwa na 7, hakuna namba nyingine ya kuisaidia. 5, 3, 2, 1 na -1 zote ni ndogo zaidi. Kwa hiyo unaifuta -4 bila kuzijaribu hizo nyingine. Kujumlisha mara moja kumeziondoa jozi sita. -1 nayo inatoka kwa hoja ileile, kisha 1. Kidole kikifika kwenye 2, jumla ni 0: -9, 2, 7. Vidole vyote vinasogea, 3 na 5 zinatoa -1, l inapanda, vidole vinakutana. Hatua tano. Jozi zilikuwa 21, na hakuna hata moja iliyorukwa kwa kubahatisha. Kila iliyoachwa imethibitishwa kwamba haifai.

Hesabu yake sasa inajieleza. Kwa kila i, umbali kati ya l na r unapungua kwa angalau 1 katika kila hatua na hauongezeki kamwe, kwa hiyo hatua haziwezi kuzidi umbali walioanza nao. Ukijumlisha kwa i zote, namba 3000 zinakupa hatua zisizozidi 4,495,501. Ni pungufu mara elfu moja kamili kuliko ule utatu wa mwanzo. Na kupanga, ulikokuogopa kwamba kunaongeza kazi, ni kweli kunaongeza: n log n, kwa 3000 ni kama ulinganisho 35,000. Unafanyika mara moja, nje ya lupu, kwa hiyo unajumlishwa na hauzidishwi. Karibu na milioni 4.5, hauonekani. Ungeuweka ndani ya lupu ya i, hapo ndipo ungekuumiza.

Linalonikera zaidi ni watu wanaowafundisha kuhesabu lupu kwa macho: lupu tatu ni n³, mbili ni n². Kuna makaratasi yanazunguka kwenye magrupu kabla ya mitihani, “mbinu” kumi na ngapi za kukariri, na hiyo ndiyo mbinu ya kwanza. Ni uongo unaowagharimu. Hapo juu kuna for na while, mtu anasema n², na amepatia kwa bahati. Nilishaletewa programu yenye for na while vilevile, lakini kila l iliposogea, mwandishi alikuwa anairudisha r kwenye n - 1. Lupu mbili machoni, n³ kwenye saa. Alikuwa amekariri umbo la programu bila kujua kwamba nguvu yake yote imo katika ahadi moja, kwamba r hairudi.

Mbinu ya pili kwenye makaratasi hayo ni “ukikwama, panga kwanza.” Hii ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu ya kwanza inakupa programu ya polepole na hii inaweza kukupa programu yenye jibu la uongo. Vidole viwili vinafanya kazi kwenye jumla kwa sababu kusogeza l kulia huongeza jumla, na kusogeza r kushoto huipunguza, daima. Badilisha swali kidogo, sema tunatafuta namba tatu ambazo `a ^ b ^ c` ni 0, yaani XOR, ule ulinganisho wa biti mnaoujua. Panga 1, 2, 4, 5, kisha tumia programu ileile ukibadilisha mstari wa s. Kwa i kwenye 1, inajaribu 2 na 5, inapata 6. Inashusha r, 2 na 4 inapata 7. Inashusha tena, vidole vinakutana. Kwa i kwenye 2, inajaribu 4 na 5, inapata 3, basi. Itasema hakuna jibu. Lakini `1 ^ 4 ^ 5` ni 0. Jibu lilikuwepo, na programu imelitupa kwa kujiamini kabisa.

Kosa lilitokea pale 5 ilipofutwa kwa kuwa 6 ni “kubwa mno”. Kwenye `^`, namba ndogo zaidi haikupi matokeo madogo zaidi, kwa hiyo kufuta huko hakukuwa na msingi. Kwa swali kama hilo kupanga hakukusaidii chochote. Weka namba kwenye dict pamoja na nafasi ya kila moja, kisha kwa kila jozi uliza kama `a ^ b` imo na iko baada ya hizo mbili. Kwa kawaida nayo inakufikisha n², kwa njia isiyohusiana na mpangilio. Kwa hiyo kabla hujaandika sort(), jiulize utafuta nini kwa kutumia mpangilio huo, na una haki gani ya kukifuta. Ukikosa sentensi ya kujibu, usipange.

Na yeyote akikuuzia mbinu ya kulishusha swali hili la namba tatu hadi n log n kwa namba za aina yoyote, mwache aende zake. Gajentaan na Overmars walionyesha mwaka 1995 kwamba maswali mengi ya jiometri, kama kutafuta nukta tatu zilizo kwenye mstari mmoja, yamefungamana na hili. Mwaka 2014 Grønlund na Pettie waliipunguza n² kwa kiasi kidogo sana. Hata n kwa kipeo cha 1.9 haijapatikana.

Sasa rekebisha yako. Weka kihesabio: `hatua = 0` juu ya lupu zote, na `hatua += 1` ndani ya while, mstari wa kwanza. Iendeshe kwa namba 1500, kisha kwa 3000, na ugawanye ya pili kwa ya kwanza. Ukipata karibu na 4, umefika. Ukipata karibu na 8, tafuta mstari unaoipa r thamani ya n - 1, utaukuta umekaa ndani ya lupu isiyo yake.