Kuchora ukurasa kwenye daftari kabla ya kufungua Elementor

*"Wakuu, nimeanza kutengenezea wateja tovuti kwa Elementor. Ukurasa mmoja unanila siku tatu, nahamisha vitu tu huku na kule. Kuna mtu kaniambia nichore kwanza kwenye karatasi. Inasaidia kweli au ni kuongeza kazi? Kuchora kwenyewe sijui."*

Mkuu, mimi pia sijui kuchora. Nyumba yangu ya darasa la pili na ya leo ni ileile, paa pembe tatu na mlango katikati. Hapa unachora maboksi tu, na boksi kila mtu analiweza.

Niliingia kwenye karatasi baada ya kuumbuka. Nilikuwa natengeneza tovuti ya nyumba ya wageni kule Jambiani, vyumba saba, mwenyewe mama mtu mzima. Nilianza moja kwa moja kwenye kompyuta. Nikaweka picha kushoto na maelezo kulia, mstari unaofuata nikageuza, maelezo kushoto na picha kulia, ili ukurasa uwe na mchezo. Kwenye kioo cha kompyuta ulipendeza sana. Siku ya kumwonyesha, mama akafungua kwenye simu yake. Picha, maelezo, halafu maelezo tena, halafu picha. Akasoma habari za chumba kimoja akadhani ni za chumba cha juu yake.

Sababu ni kwamba kwenye simu safu hazikai ubavuni, zinapangana juu kwenda chini kwa mpangilio uleule ulioziweka. Karatasi ingenionyesha hilo kwa dakika moja. Siku hizi nikichora ukurasa wa kompyuta, kila boksi nalipa namba, kushoto kwenda kulia, kisha mstari unaofuata. Pembeni nachora ukurasa wa simu kwa kuzishusha namba hizo kama zilivyo: 1, 2, 3, 4. Ukiona maelezo mawili yamegusana, umeshalinasa kosa kabla hujalijenga. Dawa yake ni kuweka picha kwanza kwenye kila `Container`, kisha zile za kugeuza, upande wa kompyuta, uziwekee `Direction` iwe `Row - reversed`. Kwenye simu iweke `Column`. Kuna wanaofanya kinyume, wanapindua upande wa simu. Kwa macho inakubali, lakini msomaji wa kutumia sauti anasomewa mpangilio wa asili, si ule unaouona wewe.

Sasa karatasi yenyewe. Nunua daftari la hesabu la shule ya msingi, lile la vijumba. Hesabu vijumba 9 kwenda upande, kila kimoja kiwe pikseli 40, unapata 360, ambao ndio upana wa simu nyingi za Android. Kwenda chini hesabu 15, yaani pikseli 600, makadirio ya kile mtu anachokiona kabla hajasogeza kidole. Piga mstari mzito hapo. Ndani ya fremu hiyo ndimo ugomvi wote unamoamuliwa.

Yule mama alitaka slaida ya picha inayojaza kioo kizima. Badala ya kubishana naye, nilichora boksi la vijumba 15 vyote nikaandika ndani "bahari". Akaliangalia.

"Mwanangu, na bei iko wapi?"

"Chini, mama. Mgeni akisogeza ataiona."

"Na asiposogeza?"

Sikumjibu, nikampa kalamu. Tukagawana vijumba: viwili vya nembo na menyu, sita vya picha moja, vitatu vya kichwa cha habari, kimoja cha bei, kimoja na nusu cha kitufe cha WhatsApp, na kimoja na nusu kikabaki kwa nafasi za katikati. Kumi na tano kamili. Slaida akaiondoa mwenyewe. Ningemwonyesha kwenye kompyuta, angeniambia "ipunguze kidogo", tungekesha.

Angalizo kwenye kichwa cha habari: andika maneno yenyewe, usichore mistari ya mawimbi. Mawimbi hayana urefu, maneno yanao. Kwa herufi za pikseli 28, mstari wa simu unabeba herufi kama 22 tu. "Nyumba ya wageni yenye vyumba saba, hatua chache kutoka baharini" inashika mistari mitatu, ndiyo maana nilitoa vijumba vitatu. Vitufe ndivyo vinavyotuumbua zaidi sisi tunaoandika Kiswahili. Nilikuwa na "Bofya hapa kuulizia nafasi ya chumba", kikavunjika mistari miwili. Kikawa "Ulizia nafasi WhatsApp", kikatulia. Kama tovuti ina lugha mbili, kwenye karatasi andika ile yenye maneno marefu.

Chini ya mstari mzito sichori tena kwa vipimo. Nakata vipande vya karatasi, kila kipande sehemu moja: vyumba, kifungua kinywa, usafiri, historia ya nyumba, ramani. Nikamwomba mama anisomee maswali ambayo wageni walimtumia karibuni. Bei, kifungua kinywa kimo au hakimo, gari la kutoka uwanja wa ndege, umbali hadi ufukweni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nyumba ilijengwa lini. Tukavipanga vipande mezani kwa kufuata maswali hayo, na historia, ambayo mama alitaka iwe juu kabisa, aliishusha yeye mwenyewe. Ukishapanga, piga picha meza kwa simu. Siku akisema "hatukukubaliana hivyo", unayo.

Hatua ya mwisho kabla ya kufungua kompyuta ni kalamu nyekundu. Zungushia kila kundi la vitu vinavyokaa pamoja. Kila mzunguko ni `Container` moja. Ukikuta mzunguko ndani ya mzunguko ndani ya mwingine wa tatu, jiulize wa katikati unafanya kazi gani. Mara nyingi haufanyi kitu, umewekwa kwa mazoea, na ndio utakaokusumbua baadaye ukitafuta nafasi nyeupe imetoka wapi. Kwenye ukurasa ule nilikuwa na kontena 23, baada ya kalamu nyekundu zikabaki 14.

Muda? Karatasi ilinichukua kama saa moja na nusu pamoja na chai ya mama. Kujenga upya nikamaliza kabla ya adhuhuri, kwa sababu nilikuwa nanakili, si kufikiri.

Usichore kila ukurasa, lakini. Kurasa za vyumba saba ni muundo mmoja, chora mmoja tu. Ukurasa wa mawasiliano mimi siuchori kabisa. Rangi nazo usiziguse kwenye daftari, na ukijikuta unatafuta rula umeshapotea.

Kuna mahali karatasi ilinidanganya. Nilichora boksi la picha limelala, upana vijumba 9 na kimo 6, mama akaniletea picha zote za wima alizopiga kwa simu. Kuziingiza humo zikakatwa, chumba kimoja kikabaki kitanda bila chandarua, kingine chandarua bila kitanda. Tangu hapo kwenye kila boksi la picha naandika "lala" au "wima", na naomba picha kabla sijachora. Kama mteja hana picha iliyolala, badili boksi, usisubiri picha.

Chora huo unaokusumbua, upige picha uuweke hapa tuuone. Weka na namba kwenye maboksi.