Jibu: Hiyo 4 umeipa uhai wa milele

> "Thamani ya vitabuni ni shilingi 100 kwa hisa, faida ya mwakani 22, gharama ya mtaji asilimia 18. Napata 122, mbona hisa ya benki hii hapa Kampala inauzwa 108?"

Ndugu, hesabu yako iko sawa, ila kuna dhana imejificha ndani yake. Mwenye hisa anadai 18 kwa mtaji wake wa 100, kwa hiyo faida ya ziada ni 22 − 18 = 4. Ulipogawanya 4 kwa 0.18 ukapata kama 22 za kujumlisha na 100, umesema benki hiyo itazidi matarajio ya wanahisa wake kwa 4 kila mwaka, daima.

Mimi siamini hivyo. Benki ikipata faida nono, wenzake hushusha riba na kugombea wateja wale wale. Tuseme kila mwaka hubaki asilimia 60 ya faida ya ziada ya mwaka uliotangulia. Fomula ni hii:

```
100 + 4 / (1 + 0.18 - 0.6) = 106.9
```

Kumbe 108 si bei ya ajabu. Soko linaona ziada hiyo ikififia.

Kagua pia taarifa ya mabadiliko ya mtaji. Benki zetu hushika hatifungani nyingi za serikali, na baadhi ya mabadiliko ya thamani yake huingia moja kwa moja kwenye mtaji bila kupita kwenye faida. Ukiyaacha nje ya makadirio yako, ongezeko la thamani ya vitabuni la miaka ijayo halitalingana na faida ukitoa gawio, na jibu litapotoka.